Kutoka Lamu kwenda kazini Mombasa: ufikie kwa jamaa, upange chumba Majengo, au uingie bedsita?

Barua ya kazi ikifika Lamu, nyumbani huulizwa mshahara ni ngapi. Mimi siku hizi nauliza kwanza mshahara huo utaingia tarehe ngapi. Nimewaona vijana watatu wa mtaa wetu wakirudi Mokowe kabla ya miezi miwili, na hakuna hata mmoja aliyefukuzwa kazi. Pesa ziliwaishia njiani, kati ya siku waliyoshuka kwenye basi na siku mshahara kamili ulipoingia kwenye akaunti. Walikuwa wameweka akiba ya kodi na dipoziti tu, wakadhani basi, wamemaliza.

Mwaka jana binti wa shangazi yangu alipata kazi ya ukarani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, huko Shimanzi. Mshahara ulioandikwa ni shilingi 35,000, kuanza Jumatatu tarehe 10. Mkononi alikuwa na akiba ya 40,000. Tuliketi barazani jioni mbili tukiandika hesabu ya njia tatu alizokuwa nazo: kufikia kwa mjomba Kisauni, kupanga chumba kimoja kwenye nyumba ya Kiswahili Majengo, au kuingia bedsita ya ghorofa upande wa Bamburi. Hesabu hiyo ndiyo ninayoiweka hapa. Bei ni zile tulizozipata sisi kwa kupiga simu na kuulizia, kwa hivyo pale bei yako inapotofautiana, futa yangu uandike yako. Mpangilio wa hesabu ndio ninaotaka ubaki nao.

Vigezo tulivyotumia

Kila njia tuliipima kwa mambo manne. La kwanza ni pesa zinazotoka mkononi kufikia Jumapili usiku, kabla hujaingia kazini hata siku moja. La pili ni chakula, maji na stima mpaka mwisho wa mwezi. La tatu ni nauli ya kwenda kazini na kurudi, na hapa sisi watu wa Lamu tunajikwaa sana, kwa sababu kisiwani mtu huenda kazini kwa miguu na hajazoea kutenga pesa ya njia. La nne ni hili: kazi ikivunjika mapema, unarudi nyumbani na nini?

Hilo la nne si la kujitakia mabaya. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, muda wa majaribio ya kazi unaweza kufika miezi 6, na katika muda huo mkataba unaweza kukatishwa kwa notisi ya siku 7 tu, au kwa malipo ya siku hizo 7. Mwenye nyumba kwa kawaida anataka notisi ya mwezi mzima. Ukizitia notisi hizi mbili kwenye mizani moja, utaona kwamba aliyelipa dipoziti kubwa ndiye anayebeba hatari kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo.

Gharama zisizobadilika: safari na mshahara wa kwanza

Popote utakapofikia, safari ni ileile. Boti ya alfajiri hadi Mokowe, hamali wa kubeba mizigo gatini, basi la kupitia Witu, Minjila, Malindi na Kilifi, chakula cha njiani, kisha tuktuk ukishashuka. Tuliandika hivi: boti na hamali 400, nauli ya basi 1,500, mzigo wa chini ya basi 600, chakula 300, tuktuk 500. Jumla 3,300. Bei ya mzigo elewana na utingo kabla haujaingia kwenye buti, maana ukishaingia bei inakuwa yake. Kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililo chini, kwa sababu kwenye vizuizi vya polisi njiani kitaulizwa.

Liko jambo moja la barabara ambalo wengi hawalifikirii. Basi la kutoka kwetu linaingia Mombasa kwa upande wa kaskazini: linapita Mtwapa, kisha Bamburi, ndipo livuke daraja la Nyali kuingia kisiwani. Kama unahamia upande huo, shuka hukohuko. Ukiteremka mjini na godoro lako, utalipa tena kulirudisha ulikotoka nalo.

Sasa mshahara. Elfu 35 iliyoandikwa kwenye barua sio elfu 35 utakayoshika. Kwa viwango vya 2025, NSSF inachukua asilimia 6, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, ada ya nyumba asilimia 1.5, na kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi ya mapato. Tulipopiga hesabu yote, mwezi kamili ulibaki kama 29,560. Lakini mwezi wake wa kwanza haukuwa kamili, alianza tarehe 10. Siku 21 kati ya 30 ni 24,500, na baada ya makato inabaki kama 21,990. Mwezi huo kodi ya mapato haikumgusa, kwa sababu kiasi hicho kinamezwa na nafuu ya 2,400 anayopewa kila mlipa kodi.

Na hata hiyo 21,990 haina hakika mpaka uulize swali moja ofisini: orodha ya mishahara hufungwa tarehe ngapi? Sheria inasema mshahara wa mwezi hulipwa mwisho wa mwezi, lakini ofisi nyingi hufunga hesabu kabla, na mfanyakazi mpya ambaye PIN ya KRA, nambari ya NSSF, usajili wa SHA na akaunti ya benki havijakamilika huachwa asubiri mwezi unaofuata. Kwa hivyo karatasi hizo zimalize ukiwa bado Lamu. Uliza pia kama 35,000 hiyo ina posho ya nyumba ndani yake au posho ni nje. Kifungu cha 31 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba au pesa ya kutosha kupanga, isipokuwa mkataba useme mshahara umeshajumlisha. Wengi hujumlisha. Ila kuuliza hakuna ada.

Njia ya kwanza: kufikia kwa jamaa, Kisauni

*Pesa ya kuingilia.* Hakuna kodi wala dipoziti, lakini usijidanganye kwamba ni bure. Hakuna mtu wa Lamu anayeingia nyumba ya mjomba mikono mitupu: tuliandika 1,500 ya halua, samaki na vya watoto. Kisha 4,000 ya mchango wa jikoni, apewe mke wa mjomba mkononi, wiki ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kutaja. Pamoja na safari, jumla ni 8,800.

Nasisitiza apewe yeye, na mapema. Mjomba atakataa. Atasema, "Ndoo ukae, mwanangu, hapa ni kwenu." Anasema kweli, ila yeye hajui mchele unaisha tarehe ngapi, na mkewe anajua. Methali ya mgeni wa siku ya tatu kupewa jembe imetungwa na watu waliowahi kukaa na mgeni. Mchango unaotoka mapema unaonekana ni heshima. Ukitoka baada ya minong'ono, pesa ni ileile lakini umeshaonekana umekumbushwa.

*Matumizi ya mwezi.* Chakula cha asubuhi na usiku kimo ndani ya ule mchango. Cha mchana kazini tuliweka 150 kwa siku. Tangu tarehe 10 mpaka mwisho wa mwezi alikuwa na siku 18 za kazi, Jumamosi zikiwemo, yaani 2,700.

*Njia ya kazini.* Kutoka Kisauni hadi Shimanzi ni lazima uvuke daraja la Nyali, na asubuhi foleni ya pale inajulikana. Tulitenga 120 kwa siku kwenda na kurudi, 2,160 kwa siku 18. Mvua ikinyesha nauli hupanda hapohapo kituoni, na hakuna wa kumlalamikia.

*Kazi ikivunjika.* Anapoteza nauli ya kurudi tu.

Jumla hadi mwisho wa mwezi ni 13,660. Katika ile 40,000 inabaki 26,340. Hata mshahara wa kwanza ukiachwa hadi mwezi unaofuata, pesa hiyo inamvusha bila kukopa.

*Inamfaa nani.* Aliye na jamaa wa karibu ambaye uhusiano wao ni mzuri leo, si ulikuwa mzuri zamani. Na anayeweza kutaja siku ya kuondoka. Binti wa shangazi alitaja tangu siku aliyopiga simu: "Mjomba, naomba wiki saba, nikipokea mshahara wa pili nahama." Ukishataja siku, mwenyeji anajua mzigo una mwisho. Mipaka yake nayo ipo. Saa ya kurudi si yako, huna pa kuweka kitu chako kikakaa, na kama kazi ina zamu za usiku, nyumba nzima inaamka kukufungulia mlango. Kwa msichana iko faida ambayo haiandikwi kwenye karatasi: mama nyumbani Lamu alilala usingizi.

Njia ya pili: chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, Majengo

Nyumba hizi unazijua: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani choo, bafu na pa kupikia pa wote. Kila chumba na mpangaji wake.

*Pesa ya kuingilia.* Chumba alichoulizia kilikuwa 5,000 kwa mwezi, na mwenyewe alitaka mwezi mmoja wa mbele pamoja na dipoziti ya mwezi mmoja. Katika nyumba za namna hii wako wasiotaka dipoziti kabisa, hasa mwenye nyumba akiwa anaishi humohumo na ukaletwa na mtu anayemjua. Godoro, ndoo, jerikeni, jiko la makaa, sufuria mbili na kufuli imara tuliandika 9,500. Pamoja na safari, 22,800.

*Matumizi ya mwezi.* Chakula cha kujipikia na cha kununua tuliweka 250 kwa siku, siku 23 tangu alipofika, 5,750. Stima na maji katika nyumba hizi kwa kawaida hugawanywa, kila chumba kinatoa kiasi fulani. Tuliandika 1,500 kwa vyote viwili. Uliza kiasi hicho kinahusu nini hasa. Mmoja ana taa na simu, mwingine ana friji na pasi, na wote wanatoa sawa. Ugomvi wa nyumba za vyumba mara nyingi unaanzia kwenye mita.

*Njia ya kazini.* Hapa ndipo Majengo inapojilipia. Shimanzi ni mwendo wa miguu kama nusu saa kwa mtu mwenye afya. Tuliweka 500 tu kwa siku za mvua. Mwezi ukiwa kamili, kule Bamburi nauli yake ingefika kama 3,600. Ukiichukua hiyo tofauti ukaijumlisha kwenye kodi, chumba cha 8,000 cha karibu na nyumba ya 5,000 ya mbali ni karibu gharama moja, na hujahesabu saa zilizopotea kwenye foleni.

*Kazi ikivunjika.* Dipoziti ya 5,000 iko hatarini, na godoro utaliuza kwa bei ya kutupa. Lakini 5,000 si 9,000 ya dipoziti ya bedsita.

Jumla hadi mwisho wa mwezi ni 30,550. Inabaki 9,450. Mshahara ukiingia kwa wakati, mambo yanakwenda. Ukiachwa hadi mwezi wa pili, tarehe 5 atatoa kodi ya 5,000 abaki na 4,450 ya kula siku zote zilizobaki, na haifiki. Ndiyo maana nilisema swali la tarehe ya kufunga mishahara linatangulia swali la nyumba.

*Inamfaa nani.* Asiye na jamaa, kazi yake iko kisiwani, na anataka kuanza bila kufunga pesa nyingi. Anafaa pia mtu aliyelelewa na majirani, kwa sababu humo hakuna siri: ukipika samaki nyumba nzima inajua. Asiyefaa ni anayelala mchana kwa ajili ya zamu, au mwenye vifaa vya thamani. Na kabla hujalipa, nenda uani saa 12 asubuhi. Utaona foleni ya bafu ilivyo, na utajua kama kazini utafika saa 2 au utachelewa kila siku.

Njia ya tatu: bedsita, Bamburi

*Pesa ya kuingilia.* Chumba kimoja chenye choo na pa kupikia ndani, kodi 9,000. Dipoziti 9,000. Dipoziti ya maji 1,000. Tokeni za stima za kuanzia 500. Vifaa vinapanda hadi 15,000, kwa kuwa ghorofani jiko la makaa halikubaliki, unahitaji meko ya kilo 6, na madirisha yanataka pazia. Pamoja na safari, 37,800 imetoka kabla ya Jumatatu.

Hapa pana mtego wa tarehe, nao ndio uliowaangusha wawili kati ya wale vijana niliowataja. Waliingia katikati ya mwezi, wakalipa mwezi mzima, kisha tarehe 5 wakadaiwa mwezi mwingine mzima. Kwao ilikuwa kama wamelipa kodi mbili ndani ya wiki tatu. Ukiingia tarehe 8, omba ulipe siku zilizobaki tu: 9,000 ukiigawa kwa 30 ukazidisha kwa 23 ni 6,900, umeokoa 2,100. Wenye nyumba wengine hukubali kama nyumba imekaa tupu. Kama hakubali, uliza kama mwezi wako unaweza kuhesabiwa tarehe 8 hadi 8. Kati ya hayo mawili, lazima moja uliombe kabla ya kulipa. Baada ya kulipa huna cha kujadili.

*Matumizi ya mwezi.* Chakula ni 5,750 kama Majengo. Maji yana maelezo. Sisi tuliozoea maji matamu ya visima vya Shela tukiambiwa "maji yapo", tunafikiri ni ya kunywa. Mombasa, maji ya bomba yanatoka mbali, Mzima na Baricho, na huja kwa zamu, kwa hivyo ghorofa nyingi zimechimba kisima. Maji ya kisima mara nyingi ni ya chumvi: yanafaa choo na kudekia, hayafai chai. Maji matamu utanunua kwa jerikeni kutoka kwa mkokoteni. Tuliweka 600. Ukienda kuona nyumba, fungua bomba, onja. Hilo ndilo jaribio lote.

Stima nayo ina jaribio lake. Kabla ya kulipa dipoziti, omba nambari ya mita, ununue tokeni za 100 kwa M-Pesa, nambari ya biashara ni 888880. Zikija yuniti chache kupita kiasi, huenda mita ina deni la mpangaji aliyetangulia na litakatwa kila utakaponunua. Shilingi 100 hiyo ni ukaguzi wa bei rahisi kuliko wote.

*Njia ya kazini.* 140 kwa siku, 2,520 kwa siku 18, na daraja ni lilelile la Nyali.

*Kazi ikivunjika.* Dipoziti 9,000 na ya maji 1,000 zote ziko mikononi mwa mtu mwingine, notisi yako ya nyumba ni mwezi, notisi yao ya kazi ni siku 7. Hata mwenye nyumba mwaminifu atakata rangi na vitasa kwanza. Piga picha kuta, sinki na vioo siku unayoingia, umtumie keateka picha hizo siku hiyohiyo, ili tarehe ionekane kwenye simu zenu wote wawili.

Jumla hadi mwisho wa mwezi ni 46,670. Akiba ni 40,000. Pungufu ya 6,670 ingebidi ikopwe. Mshahara wa kwanza ukiingia, akilipa deni hilo na kodi ya tarehe 5, anabaki na kama 6,300 ya mwezi mzima, ambapo chakula na nauli vinataka zaidi ya 11,000. Kwa hivyo angekopa tena. Mtu wa namna hii utamsikia analalamika kwamba Mombasa ni ghali, na kumbe aliingia mwezi mmoja mapema.

*Inamfaa nani.* Mwenye akiba ya miezi miwili kamili baada ya dipoziti, anayehama kikazi kwa mwajiri wake wa zamani asiye na majaribio mapya, aliyeolewa au mwenye mtoto, au aliyelipiwa uhamisho na kazi. Faragha, choo chako, mlango wako. Vina thamani, na mwenye uwezo asione haya kuvilipia.

Zikiwa upande kwa upande

| | Kwa jamaa, Kisauni | Chumba, Majengo | Bedsita, Bamburi |
|---|---|---|---|
| Hadi Jumapili usiku | 8,800 | 22,800 | 37,800 |
| Hadi mwisho wa mwezi | 13,660 | 30,550 | 46,670 |
| Baki ya 40,000 | 26,340 | 9,450 | pungufu 6,670 |
| Dipoziti iliyofungwa | hakuna | 5,000 | 10,000 |

Nyumba unayoiona kwenye simu tu

Tatizo la mtu wa Lamu ni kwamba hawezi kwenda Bamburi kuona nyumba akarudi jioni. Safari ni ya siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Hapo ndipo wanaoishi kwa kutapeli wanapopata riziki: picha nzuri, bei nzuri, na haraka. "Kuna mtu mwingine anakuja leo, tuma hata nusu ya dipoziti nikushikie." Mimi mwenyewe nilituma 3,000 mwaka niliohama, kwa nyumba ambayo baadaye niligundua inakaliwa na familia ya watu sita, na hawakuwa na habari kwamba wanahama.

Nilichojifunza ni hiki. Usitume pesa kwa nyumba ambayo hakuna mtu wako aliyesimama ndani yake. Kama huna mtu, lala siku tatu kwenye nyumba ya wageni ya bei nafuu, uzunguke mwenyewe, na gharama hiyo ihesabu kuwa sehemu ya dipoziti. Ukifika, mpuuze ajenti kwa dakika tano ugonge mlango wa jirani, umuulize kodi ni ngapi, maji huja siku gani, na waliohama mwisho walirudishiwa dipoziti au la. Wakati wa kulipa, M-Pesa inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujamaliza. Jina hilo lifanane na la mtu aliyeandikwa kwenye mkataba au risiti. Ukiambiwa "hiyo ni laini ya mke wangu", ahirisha malipo mpaka mke huyo aonekane.

Kwa hali yako

Kama kazi ni mpya, una muda wa majaribio, na jamaa yupo upande wowote wa Mombasa, hesabu inaelekea kwa jamaa, lakini kwa muda uliotajwa. Binti wa shangazi alifanya hivyo. Mwisho wa mwezi wa kwanza alikuwa na 26,340 ya akiba na 21,990 ya mshahara. Angeweza kuhamia bedsita siku hiyo, 34,500 ikatoka, akabaki na karibu 13,800 ya mwezi. Ingemtosha, kwa shida. Akaamua kungoja mshahara wa pili kama alivyoahidi.

Kama huna jamaa na kazi iko kisiwani, chumba cha kutembea kwa miguu kinakupunguzia gharama mbili kwa mpigo, kodi na nauli. Thibitisha tu kwamba mshahara wa kwanza hautaachwa, la sivyo ondoka Lamu na 45,000 badala ya 40,000.

Kama kazi ni upande wa kaskazini, Nyali, Bamburi au Mtwapa, hesabu ya Majengo inageuka: sasa wewe ndiye unayevuka daraja. Tafuta nyumba ya vyumba hukohuko. Na kama kazi ni Likoni, kivuko ni bure kwa anayetembea kwa miguu, ila saa za asubuhi foleni yake ihesabu kama sehemu ya safari.

Kama unahama na familia, bedsita au zaidi haina mbadala, na unayepaswa kujadiliana naye kwanza ni mwajiri: aongeze siku za kuripoti mpaka mwanzo wa mwezi, ili kodi na mshahara vianze kwa tarehe moja. Mwajiri akikubali, umeokoa pengine theluthi ya kodi bila kumwomba mtu shilingi.

Na kama una 40,000 na unaitaka bedsita hivyohivyo, muulize mwenye nyumba kama dipoziti inaweza kulipwa kwa miezi mitatu, 3,000 kila mwezi. Binti wa shangazi aliuliza alipohama mwezi wa pili. Mwenye nyumba wa kwanza alicheka. Wa pili aliitazama barua ya kazi, akauliza anatoka Lamu mtaa gani, akakubali.